Mkojo wenye rangi ya chai: kisa cha binti aliyeishiwa nguvu akimuuguza mama yake

Siku ile nilikwenda kumwona mama, si binti. Bibi wa miaka 71, kiharusi kilimpiga miezi kumi na minne nyuma, kikamwacha na mkono na mguu wa kulia visivyofanya kazi na maneno matatu tu ya kusema: "eee", "hapana" na "jamani". Wanaishi nje kidogo ya mji wa Muheza, mkoani Tanga. Mimi ni muuguzi, nazungukia wagonjwa wa nyumbani, na hiyo ilikuwa ziara yangu ya kwanza pale baada ya mwenzangu kuhamishwa. Mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili wenyewe wasitambulike.

Chumba kilikuwa safi kuliko vingi ninavyoingia. Shuka limenyooshwa, bibi kapakwa mafuta hadi kwenye visigino, dirisha wazi. Ningekuwa na haraka ningeandika "hali nzuri" nikaondoka. Ila kulikuwa na vitu vitatu. Mkojo uliokuwa kwenye beseni, saa nne asubuhi, ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Bibi mwenyewe alikuwa amelala usingizi mzito. Nilimwita, nikamgusa bega, akafungua jicho, akalifunga tena. Na kwenye kidirisha, nyuma ya chupa ya mafuta, palikuwa na kikopo cha piritoni kilichobaki nusu.

Nikauliza, "Bibi ana mafua?"

Binti akanitazama kidogo. "Hana. Zile… nilinunua tu dukani."

Sikuuliza zaidi wakati huo, kwa sababu mama mdogo, mdogo wake bibi, alikuwa ameketi nasi kwenye mkeka.

Kuna dodoso ninalopenda kutumia kwa wanaouguza. Lilitungwa na Mmarekani, Steven Zarit, na toleo linalotumika sana lina maswali 22. Kila swali hupewa alama kuanzia 0, yaani sijawahi kuhisi hivyo, hadi 4, yaani karibu muda wote, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 88. Yanauliza mambo kama: unahisi huna muda wako mwenyewe? Unakasirika ukiwa karibu na mgonjwa? Unahisi afya yako imeharibika kwa ajili ya kumhudumia? Nilimsomea palepale kwa Kiswahili cha kawaida, akajibu. "Hapana." "Hapana kabisa." "Mara chache." Jumla ikaja 19, alama ya mtu asiye na mzigo wa kutisha.

Wiki iliyofuata nilimwomba anisindikize hadi barabarani. Chini ya mwembe wa jirani nikayarudia maswali yaleyale. Zamu hii alipata 58. Kati ya 41 na 60 tunahesabu mzigo ni wa kati kwenda mzito. Kilichobadilika ni msikilizaji tu. Mbele ya mama mdogo, kusema "nimechoka na mama" ni sawa na kusema "simpendi mama", na kwetu kuna watu watakaoubeba usemi huo hadi msibani. Tangu siku ile simuulizi muuguzaji swali lolote la maana akiwa mbele za watu wa nyumbani, hata kama ni ndugu wanaopendana.

Pale chini ya mwembe ndipo piritoni zilipopata maelezo. Alikuwa akimpa mama yake vidonge viwili kila usiku, kwa muda wa miezi miwili hivi, ili alale. Maji alikuwa ameyapunguza tangu saa nane mchana ili usiku asilowe. Kisha akasema, huku akichora chini kwa kidole cha mguu, kwamba kuna usiku mmoja aliupiga mkono wa mama yake. Ule mzima. Mama alikuwa ameushika mto hataki kugeuzwa. "Akasema jamani. Basi. Jamani tu."

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu watu wengi wanapotafuta dalili za muuguzaji aliyeishiwa nguvu humtazama yeye: amekonda, analia, amekuwa mkali. Dalili hizo zipo, ila ndizo anazozificha kwanza, na majirani wakizisema ("yule ameisha") anaongeza bidii ya kuzificha. Vitabu navyo vina orodha yake. Christina Maslach, mwanasaikolojia Mmarekani aliyechapisha kipimo chake cha kuishiwa nguvu mwaka 1981 baada ya kuwachunguza watu wanaofanya kazi za kuhudumia wengine, alitaja mambo matatu: uchovu usioisha kwa kulala, moyo kuwa baridi kwa yule unayemhudumia, na kuona kazi yako yote haina matokeo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliingiza hali hiyo katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, si kama ugonjwa bali kama jambo la kazini, na likasema litumike kwa kazi ya ajira tu. Binti anayemuuguza mama chumbani hayumo, ingawa ndiye asiye na mwisho wa zamu.

Mimi nimejifunza kumtazama mgonjwa. Mkojo ukikolea rangi kwa mtu asiye na homa, nauliza nani kapunguza maji na kwa nini. Mgonjwa akilala mchana kutwa na zamani hakuwa hivyo, natafuta dawa ya usingizi. Dawa za presha zikibaki nyingi kuliko hesabu ya siku, maana yake kuna asubuhi mtu alishindwa kunyanyuka, au pesa iliisha. Chumba kikiwa safi kupita kiasi lakini mgonjwa hasemeshwi, nakaa kidogo nisikilize. Huo ndio ubaridi wenyewe: kazi za mikono zinafanyika zote, ila hakuna anayemwambia bibi kwamba mvua inanyesha.

Na si kwamba piritoni ni jambo dogo. Ni dawa ya mzio inayoleta usingizi. Kwa mzee aliyepata kiharusi inakausha kinywa, inamchanganya akili, na ikimkuta bado na usingizi asubuhi anapolishwa uji, uji unaweza kupita njia ya hewa na kumletea homa ya mapafu. Maji machache nayo huleta maambukizi ya njia ya mkojo na choo kigumu. Kwa hiyo kila njia ya mkato aliyoitumia ilikuwa inamtengenezea kazi zaidi ya wiki ijayo. Sikumwambia hivyo siku hiyo. Nilimwomba tu anihesabie jana, saa kwa saa.

Jana yake ilikuwa hivi. Saa kumi na moja alfajiri kugeuza, kubadilisha pampasi, kuosha. Uji saa moja, kijiko kwa kijiko, dakika arobaini. Dawa. Kufua. Kupika. Kulisha mchana. Kugeuza kila baada ya saa mbili. Jioni dawa tena, ikiwemo ile ya presha inayotoa maji mwilini, ambayo kwa sababu ambayo hakuna aliyeikumbuka ilikuwa inatolewa saa moja usiku. Kisha kugeuza saa tatu, saa tano, saa saba, saa tisa, na saa kumi na moja tena. Alikuwa na alamu nne kwenye simu. Nikajumlisha usingizi wake: kama saa nne na nusu, lakini hakuna kipande hata kimoja kilichofika saa mbili. Miezi kumi na minne.

Hapo nikaacha kufikiria habari za moyo na uvumilivu. Mtu yeyote, hata askari, ukimwamsha kila baada ya saa mbili kwa mwaka mzima atampiga mtu. Nasaha tulizowaandalia watu hawa, "jipe muda", "omba msaada", "fanya mazoezi", hazina pa kuingilia kabla usiku haujarekebishwa. Na usiku wa huyu ulikuwa umeharibiwa na sisi wenyewe, watu wa afya: siku bibi anatoka wodini aliambiwa "mgeuze kila saa mbili", na hakuna aliyerudi kumwambia lini alegeze.

Kanuni ya saa mbili ina sababu. Mtu asiyejigeuza huzuia damu kufika kwenye ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro, na hapo ndipo vidonda vya kulalia huanza: chini ya kiuno, kwenye nyonga, kwenye visigino. Lakini saa mbili si amri ya dunia nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa kwenye nyumba za wazee Marekani na Kanada, uliwalinganisha wazee waliogeuzwa kila saa mbili, tatu na nne, wote wakiwa juu ya magodoro ya sponji nzito, na tofauti ya vidonda haikuonekana. Bibi wetu alikuwa na godoro zuri la sponji nzito, alilotumiwa na mtoto wake wa Muscat, ngozi haikuwa na doa, na mkono wa kushoto ulikuwa na nguvu ya kujisogeza kidogo. Angekuwa na kidonda tayari, au godoro limebonyea katikati, nisingethubutu.

Tulifanya polepole. Wiki ya kwanza usiku ikawa kila saa tatu, ya pili saa nne. Mchana tuliacha saa mbili zilezile. Badala ya kumlaza ubavu kamili, ambako uzito wote unakaa kwenye mfupa wa nyonga, tulimwinamisha kidogo tu: mto mmoja nyuma ya mgongo na matako, hivi kwamba ukitia kiganja chini ya mfupa wa kiuno kinapita. Khanga mbili zilizokunjwa zikawekwa chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee visiguse godoro. Na kila alfajiri binti alikagua. Kwenye vitabu utaambiwa utafute wekundu, uubonyeze kwa kidole uone kama unageuka mweupe. Kwenye ngozi nyeusi kama zetu wekundu huo unaweza usiuone kabisa, kwa hiyo nilimfundisha mkono: pima kwa mgongo wa kiganja kama hapo pana joto kuliko pembeni, papase kama pamekuwa pagumu au pamelainika isivyo kawaida, tazama kama rangi imekolea kuliko jana, na tazama uso wa bibi unapopagusa. Ukiona lolote kati ya hayo, rudi saa mbili usiku huohuo.

Afisa tabibu wa kituo cha afya aliihamishia ile dawa ya kutoa maji asubuhi. Kwa kuwa bibi hana ugonjwa wa moyo wala figo, maji yaliongezwa hadi lita moja na nusu, lakini yote yaishe kabla ya saa kumi na moja jioni. Piritoni zikaachwa. Ili usingizi urudi mahali pake, bibi alianza kutolewa barazani saa tatu asubuhi, kwenye kiti chenye mikono, apate jua na kuona wapita njia. Usiku pampasi moja nzuri na makintoshi chini yake. Akikojoa saa nane, asiamshwe kwa ajili hiyo, abadilishwe saa ya kugeuzwa ikifika.

Siku nne za kwanza bila piritoni zilikuwa mbaya, bibi aliita "eee" usiku kucha, na binti alinipigia simu kuniambia kwamba mpango wangu ni wa watu wasiouguza. Hakukosea sana. Siku ya sita bibi alilala toka saa nne usiku hadi saa nane. Mwisho wa wiki ya tatu binti alikuwa anapata vipande viwili vya usingizi vya karibu saa tatu na nusu kila kimoja. Hakuna shilingi iliyotumika hapo isipokuwa ya pampasi.

Kikao cha familia nilikitaka baada ya hapo, si kabla, maana mtu asiyelala hawezi kusema anachotaka. Analia tu, na ndugu wanamwambia pole.

Wako watano. Kaka mkubwa yuko Dar es Salaam, dada mdogo Muscat anafanya kazi za ndani, kaka mwingine Korogwe anaendesha bodaboda, kitinda mimba yuko chuoni Dodoma. Wote walikuwa na neno moja: "Ukihitaji chochote sema." Sijaona msaada mgumu kuupokea kama huo. Unamtaka aliyechoka ahesabu mahitaji yake, achague wa kumwomba, avumilie kukataliwa, kisha ashukuru. Wa Muscat alikuwa anatuma pesa bila kukosa, na pia sauti za dakika tano kwenye kundi la WhatsApp kuhusu juisi ya rozela na kwa nini mama amekonda pichani. Binti alikuwa ameacha kuzisikiliza. Alama zile za bluu alizizima.

Niliandika kwenye daftari kazi zote na saa zake, nikalipiga picha, binti akalituma kwenye kundi bila neno lolote juu. Kilichowanyamazisha ndugu ni ile safu ya usiku.

Mpango wa kwanza ulikuwa wa kaka mkubwa: aajiriwe msichana. Aliajiriwa, akaachiwa usiku wote, na siku ya kumi na moja aliondoka alfajiri bila kuaga. Nadhani tulistahili. Tulichukua mzigo uliomshinda mtoto wa kuzaa tukampa mgeni wa miaka 19, tena bila kumfundisha hata jinsi ya kumvuta bibi kwa shuka badala ya kumnyanyua kwapani.

Wa pili ulikuwa mdogo zaidi na umedumu. Mpwa wao anayeishi mtaa wa tatu huja Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi na mbili, kwa shilingi 5,000 kila anapokuja, pesa ya Muscat. Kaka wa Korogwe hulala pale kila Jumamosi, toka saa kumi na mbili jioni hadi Jumapili saa nane mchana. Hapa palikuwa na ugumu ambao vipeperushi havina: mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake wala hambadilishi pampasi. Nisingeshindana na hilo, na bibi mwenyewe angeona aibu. Kwa hiyo mama mdogo, yuleyule wa kwenye mkeka, huja saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi kwa kazi hizo tu, dakika ishirini ishirini, na kaka hugeuza, hulisha na kukaa naye. Kugeuza nilimfundisha mbele ya wote. Alikuwa na mikono mizuri.

Jumamosi ya kwanza binti alikwenda kulala kwa rafiki yake, nyumba ya nne. Hakulala. Alisema masikio yalikuwa yamebaki kule. Alirudi mara mbili "kuchukua chaja". Ya pili vilevile. Ya tatu alilala hadi saa nne asubuhi na akaamka ameudhika, hajui na nani. Inakuwa hivyo. Mwili uliokesha mwaka hauamini likizo ya kwanza, na wengi huacha hapo wakisema mapumziko hayawasaidii.

Nilimpima presha yake pia: 168 kwa 104. Alikuwa na dawa zake tangu kabla ya ugonjwa wa mama, ila zake na za mama zilinunuliwa kwa mfuko mmoja, na pesa ikipungua zilizopungua ni zake. Alizigawa nusu nusu. Sasa zinanunuliwa siku moja, kwa risiti moja, na mpwa ndiye anayekwenda dukani. Hilo nalo lilihitaji kuandikwa kwenye daftari, lisingetokea kwa nia njema.

Suala la sonona niliogopa. Uchovu wa kuuguza na sonona hufanana usoni. Kinachonisaidia kutenganisha ni kuuliza hivi: ukipata siku ya kulala na mtu wa kuaminika yuko na mgonjwa, kuna kitu kinakurudishia hamu? Aliyechoka tu, hamu humrudia japo kidogo, baada ya wiki kadhaa; mwenye sonona, hata nafasi ikipatikana kila kitu ni majivu. Nikamuuliza pia waziwazi kama amewahi kutamani kufa au kujidhuru. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Alisema kujidhuru hapana, lakini amewahi kuomba mama yake apumzike, na hajui kama ni dhambi. Nilimwambia nimeyasikia hayo nyumba nyingi, tena kwa watu wanaowapenda wagonjwa wao sana. Angejibu vingine kuhusu nafsi yake, tungekwenda hospitali siku ileile, si wiki ijayo.

Hamu ya huyu ilirudia kwenye cherehani. Ni fundi, na cherehani ilikuwa imefunikwa shuka mwaka mzima na kutumika kama meza ya dawa. Mwezi wa kumi na mbili, sare za shule zilipoanza kutafutwa, alihamisha dawa. Anashona Jumanne na Alhamisi mpwa akiwa na bibi. Kwa mwezi wa nne tangu siku ya mwembe nilimpima tena kwa maswali yaleyale, tukiwa peke yetu: 37. Bado ni mzigo. Swali la kama ana muda wake mwenyewe alilipa 2. Swali la kama anahisi angeweza kumfanyia mama zaidi alilipa 4, kama mwanzo, na sidhani litashuka mama akiwa hai.

Masika yalipoanza, njia ya Korogwe iliharibika na pikipiki ya kaka pia. Jumamosi mbili zikapita bila yeye, ya tatu akaja akalala fofofo hadi asubuhi, alamu ikilia. Wiki hiyo binti alinipigia.

"Sista, mkojo wa mama umekuwa wa chai tena."

Nikamuuliza maji amempa mangapi.

"Si hivyo. Nimejikuta namnyima. Jana saa nane nilishika kikombe nikakirudisha."

Piritoni hakununua. Tulikubaliana mambo mawili kwenye simu: bibi anywe maji saa hiyohiyo, na mama mdogo alale pale usiku huo na wa kesho. Kaka alipopata pikipiki, Jumamosi yake ilihamishiwa Ijumaa, kwa sababu Jumamosi abiria ni wengi na alikuwa anafika amechoka.